Mamba ukimuona si neno, asipoonekana ndipo pa kujihadhari

Majuzi nilimsindikiza shangazi yangu kwa wakwe zake, kwenye kijiji kilicho kando ya Mto Sabaki, juu kidogo kabla mto haujamwaga maji yake baharini karibu na Malindi. Asubuhi tulikuta watoto wawili wamesimama ukingoni na mitungi yao. Ng'ambo, juu ya fungu la mchanga, alikuwa amelala mamba, kinywa wazi. Mkubwa akamwambia mwenzake, "Twende tukateke, yule kalala." Mzee aliyekuwa akishona wavu akawazuia: "Huyo mnayemuona si neno. Niambieni mwenzake yuko wapi."

Maneno ya mzee yana maana kubwa, na ufunguo wake ni joto.

Mwili wa mamba haujitengenezei joto kama wetu. Hulitafuta nje, na humfaa likiwa kama nyuzi 30 hadi 33. Usiku hukaa majini, kwa sababu maji hayapoi haraka kama mchanga. Jua likichomoza hupanda ukingoni kuota. Akishapata joto la kutosha hufungua kinywa, na unyevu wa mle ndani ukikauka humpoza kichwa, kama mbwa anavyotweta ulimi nje. Kwa hivyo kinywa wazi si usingizi wala si vitisho. Adhuhuri hurudi majini au kivulini, alasiri hutoka tena, na magharibi ikiingia yumo mtoni. Giza ndio wakati wake mkubwa wa kuwinda, ingawa mchana pia akipata nafasi haiachi.

Kwa kuwa hatumii chakula kujipasha joto, mamba anaweza kukaa siku nyingi bila kula. Hapo ndipo subira yake inapotoka. Macho, masikio na pua vyote viko juu ya kichwa, basi huzama mwili mzima akabakisha vinundu vichache ambavyo kwenye maji ya tope ya Sabaki utadhani ni kipande cha gogo. Akizama kabisa, anaweza kukaa chini dakika nyingi bila kupumua. Kwenye taya zake mna vidoa vidogo vinavyohisi mtikisiko wa maji, kwa hivyo mtungi ukitumbukizwa, hata gizani, yeye anajua ni upande gani.

Kisha huruka ghafla kwa nguvu za mkia. Meno yake ni ya kushika, hayatafuni, ndiyo maana humvuta mnyama majini akamzamisha, halafu hujizungusha ili anyofoe nyama. Na huangalia mazoea. Mbuzi wakinywa pahali pamoja kila siku, au watu wakiteka pahali pamoja, atakuja kungojea papo hapo. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kuna wakati mmoja mamba huwa hatari hata nchi kavu, nao ni wakati wa mayai. Sisi wa pwani tumezoea kasa: hutaga, hufukia, hurudi baharini asigeuke nyuma. Mamba jike naye huchimba shimo la karibu nusu mita kwenye mchanga usiofikiwa na maji, hutaga mayai kama 50 na kufukia, lakini haondoki. Kwa takriban miezi mitatu hulinda karibu na hapo, na hula kwa nadra sana. Joto la mchanga ndilo linaloamua watoto watakuwa madume au majike. Joto hilohilo ndilo linalomtaabisha mama: jua likimzidi hushuka majini au kivulini kujipoza, na kenge akiona hivyo huvamia na kufukua mayai.

Watoto wakikaribia kutoka hulia wakiwa bado ndani ya yai. Mama akisikia sauti hufukua mchanga, na yai lililokataa kupasuka hulibingirisha taratibu kinywani mpaka livunjike. Kisha huwabeba kinywani, kwa taya zilezile zinazomshinda nyati, akawateremsha majini. Huwalinda wiki kadhaa na zaidi, na hata hivyo ndege, kenge, samaki na mamba wakubwa humaliza wengi wao. Ukisikia vilio vyembamba nyasini kando ya mto, au ukaona mchanga umefukuliwa na maganda meupe yametapakaa, rudi ulikotoka. Mama yupo karibu.

Wale watoto walisubiri. Mzee akakata mti mrefu, akafunga kopo nchani, akawatekea akiwa amesimama juu ya ukingo, hatua nyingi kutoka pale walipozoea. Hakuinama majini hata mara moja. Mitungi ilipojaa, tuligeuka kumtazama yule mamba wa ng'ambo. Mchanga ulikuwa mtupu, na hakuna hata mmoja wetu aliyesikia maji yakilia.