Kitovu cha Memphis: Gharama na Muda wa Usafirishaji katika Mitandao ya Ndege za Marekani, 1971–2002

Katika maandishi ya uchumi wa usafirishaji, mitandao miwili hulinganishwa mara kwa mara. Wa kwanza ni ule wa safari za moja kwa moja, ambamo kila mji huunganishwa na mwenziwe bila kupitia kwingine. Wa pili hufanana na gurudumu la baiskeli: mizigo yote hupita kwenye spoki hadi kitovuni, hubadilishwa njia, kisha hutoka kwa spoki nyingine. Hukumu iliyozoeleka ni kwamba mtandao wa kitovu hupunguza gharama na kurefusha safari. Historia ya kampuni ya Federal Express mjini Memphis, jimbo la Tennessee, inaonyesha kuwa hukumu hiyo ni ya haraka mno. Katika miaka yake ya mwanzo, kitovu cha Memphis kilifupisha muda na kuwa mzigo mkubwa wa gharama. Jambo hilo linahitaji maelezo, na maelezo yenyewe yamo katika hesabu ya usiku mmoja.

Usiku wa tarehe 17 Aprili 1973, ndege 14 ndogo aina ya Dassault Falcon zilibeba vifurushi 186 kati ya miji 25 ya Marekani, kuanzia Rochester upande wa kaskazini hadi Miami upande wa kusini. Idadi hiyo ya vifurushi ni ndogo kiasi cha kuchekesha, maana kila ndege ilipata wastani wa vifurushi 13 tu. Hata hivyo, udogo huo ndio unaofanya tukio hili lifae kuchunguzwa. Miji 25 ina jozi 300, kwa kuwa kila mji huweza kuunganishwa na mingine 24 na kila jozi huhesabiwa mara moja. Kwa kuwa kifurushi kina mwendo wa kwenda na wa kurudi, njia zinakuwa 600. Vifurushi 186 vikigawanywa kwa njia 600, kila njia hupata kifurushi kimoja kwa takriban siku tatu. Mwenye ndege ambaye angengoja vifurushi 100 ndipo arushe ndege ya moja kwa moja kati ya miji miwili angengoja zaidi ya siku 300. Mtandao wa kitovu, kwa upande mwingine, unahitaji spoki zisizozidi idadi ya miji yenyewe, na kila spoki hubeba kwa pamoja mizigo iendayo kila mahali.

Hapa ndipo maana ya muda wa usafirishaji inapopaswa kufafanuliwa. Muda huo una sehemu mbili, yaani muda wa kuwa njiani na muda wa kungoja chombo kiondoke. Kitovu hurefusha sehemu ya kwanza na kufupisha ya pili. Kabla ya Memphis, vifurushi vingi vya haraka vilisafiri katika matumbo ya ndege za abiria. Ndege hizo ziliruka zaidi mchana, kwa ratiba iliyopangwa kwa ajili ya abiria, na mzigo uliokwenda mji usio na safari ya moja kwa moja ulihamishwa kutoka shirika moja hadi jingine. Mwendo wa angani ulikuwa mfupi, lakini kungoja kulimeza faida yote. Mwanzilishi wa Federal Express, Frederick W. Smith, hakubuni ndege yenye kasi zaidi. Alichofanya ni kuondoa kungoja kwa kuhakikisha kuwa kila mji una ndege kila usiku wa kazi, iwe imejaa au la.

Mfano wa Boston na New York unaeleza vizuri zaidi. Miji hiyo imetengana kwa takriban kilomita 300. Kifurushi kinachopitia Memphis husafiri zaidi ya kilomita 3,300 ili kufika mji wa jirani, yaani zaidi ya mara kumi ya umbali halisi. Kwa mtazamo wa ramani huo ni upuuzi. Kwa mtazamo wa saa, mambo ni tofauti. Chukua ndege inayokwenda kilomita 750 kwa saa. Ikiondoka Boston saa tatu usiku, itafika Memphis baada ya saa mbili na nusu hivi, na kwa kuwa saa za Memphis ziko nyuma kwa saa moja, huko itakuwa saa nne na nusu usiku. Ndege ya kuelekea New York ikiondoka Memphis saa tisa usiku, itatua karibu saa kumi na mbili na robo alfajiri kwa saa za New York. Mpokeaji hafungui ofisi kabla ya saa mbili asubuhi. Kilomita 3,000 za ziada hazikumchelewesha hata kidogo, kwa sababu zilitumia saa ambazo kifurushi kingelala ghalani.

Mfano huo unaonyesha pia kwa nini Memphis ilifaa. Kampuni ilianzishwa Little Rock, Arkansas, mwaka 1971, ikahamia Memphis mwaka 1973. Sababu zinazotajwa ni kuwa mji huo uko karibu na katikati ya nchi, hali yake ya hewa hufunga uwanja kwa nadra, na mamlaka ya uwanja ilikubali kuufanyia marekebisho. Zote ni za kweli, ila neno “katikati” linapotosha kidogo. Memphis iko mashariki ya kitovu cha ramani. Kilicho muhimu ni katikati ya saa. Ndege itokayo Los Angeles saa mbili usiku inaruka kama saa tatu na nusu, lakini inapoteza saa mbili nyingine kwa tofauti ya majira, hivyo inafika Memphis saa saba na nusu usiku. Ndege hiyo ya mwisho ndiyo inayoamua lini kazi ya kupanga mizigo imalizike. Kitovu kikisogezwa magharibi, Los Angeles inapata nafuu, lakini ndege za kurudi pwani ya mashariki, ambazo zinakimbizana na jua, zinachelewa. Dirisha la usiku wa manane ni jembamba, na ndani yake lazima mizigo yote ishushwe, ichambuliwe kwa mji na kupakiwa upya. Spoki moja ikichelewa, msimamizi ana njia mbili tu: kuzizuia ndege zote na kuhatarisha kila mji, au kuziachilia na kuutoa mhanga mji mmoja. Katika mtandao wa moja kwa moja, kuchelewa huishia pale kulipotokea.

Kuhusu gharama, mambo yalikuwa magumu. Ndege, marubani na wapangaji wa mizigo hulipwa kiasi kilekile, pawe na vifurushi 13 au 300 katika ndege. Kitovu hakikuwa na namna ya kuanza kidogo kidogo, kwa kuwa mteja ananunua uhakika wa kufika miji yote, na mtandao wenye miji mitatu haumfai. Jina la kampuni lenyewe lina kumbukumbu ya matumaini yaliyokatika, kwani Smith alitarajia kupata kazi ya kusafirisha hundi za benki kuu ya Marekani, jambo ambalo lingempa mzigo wa uhakika tangu mwanzo. Kazi hiyo haikupatikana. Faida ya kwanza ilionekana Julai 1975, zaidi ya miaka miwili baada ya usiku ule wa Aprili.

Kisha mizigo ilipoongezeka, tatizo liligeuka. Kampuni iliruka chini ya kanuni za teksi za anga, ambazo zilizuia mzigo wa ndege usizidi ratili 7,500, yaani takriban kilo 3,400. Faida ya kitovu hutokana na kukusanya mizigo ya njia nyingi katika chombo kikubwa kimoja, lakini sheria ilizuia chombo kikubwa. Miji yenye wateja wengi ilihitaji ndege ndogo kadhaa usiku uleule, kila moja ikiwa na marubani wake na mafuta yake. Ni baada ya sheria ya Novemba 1977 kulegeza masharti ya mizigo ya anga ndipo kampuni iliponunua ndege za Boeing 727 zilizokwishatumika. Watafiti wanaoeleza ushindi wa Memphis kwa jiometri ya mtandao pekee hupita haraka mno juu ya sheria hii. Spoki zilikuwepo tangu 1973, ila unene wake uliamuliwa Washington.

Ukuaji huohuo ulianza kula mantiki ya kitovu kimoja. Baadhi ya jozi za miji zilipofikia kiasi cha kujaza ndege, kuipeleka mizigo yake Memphis kukawa gharama isiyo na malipo, huku dirisha la kupangia mizigo likibaki na saa zilezile. Katika miaka ya 1980 kampuni ilifungua vituo vingine vya kupangia, kikiwemo cha Indianapolis, na baadhi ya mizigo ikaacha kufika Tennessee.

Abiria ni habari nyingine, kwa kuwa mtu, tofauti na kifurushi, huhesabu kila saa ya kungoja. Southwest Airlines ilianza tarehe 18 Juni 1971 kwa ndege tatu za Boeing 737, ikiunganisha Dallas, Houston na San Antonio. Miji mitatu ina jozi tatu, na kitovu kingepunguza njia kutoka tatu hadi mbili tu. Safari ya Dallas hadi Houston haifiki saa moja, hivyo kumshusha abiria mahali pengine kungoja ndege nyingine kungekuwa kumfukuzia barabarani. Mwaka 1972 shirika lilipolazimika kuuza moja ya ndege zake nne, liliendeleza ratiba ya ndege nne kwa ndege tatu, kwa kuiwezesha kila ndege kuondoka ndani ya dakika kumi baada ya kufika. Hilo liliwezekana kwa sababu ndege haikuwa na haja ya kungoja nyingine yoyote.

Gharama ya kungojana ndiyo iliyoonekana katika vitovu vya abiria vilivyojengwa baada ya sheria ya 1978 kuyafungulia mashirika soko. American Airlines ilijenga kitovu chake Dallas/Fort Worth kuanzia 1981. Ndege zilifika kwa wimbi, zikakaa mpaka abiria wabadilishane, zikaondoka kwa wimbi. Kati ya mawimbi, milango ilikuwa mitupu na wafanyakazi wakakaa bure. Wakati wa wimbi, watu na magari ya mizigo havikutosha. Memphis ilikuwa na wimbi hilohilo, ila lilipita usiku, wakati ambao ndege za abiria hazikuugombea uwanja. Mwaka 2002 American ilianza kuyavunja mawimbi yake, kwanza Chicago, kisha Dallas/Fort Worth, ikazitawanya safari katika siku nzima. Baadhi ya abiria wa kuunganisha walingoja zaidi, na shirika lilihitaji ndege na milango michache zaidi kwa ratiba ileile.