Ovadrafti: Ruhusa ya Kuvuka Salio

Benki zetu nyingi husema ovadrafti, na wafanyabiashara wamelizoea neno hilo. Wapo wanaoliita mkopo wa ziada, tafsiri ambayo mimi siipendi, kwa sababu humfanya mtu asubiri fedha ziwekwe kwenye akaunti yake kwa mkupuo. Hakuna fedha inayowekwa. Benki humruhusu mteja aendelee kutoa hata baada ya salio kufika sifuri, mpaka kikomo walichokubaliana, na kila kinachoingia hupunguza deni papo hapo. Ndiyo maana napendekeza tuseme ruhusa ya kuvuka salio. Neno ruhusa lina uzito hapa: kwa kawaida mkataba huipa benki haki ya kuiondoa na kudai deni lote.

Tuchukue mfano wa mshonaji wa sare za shule mjini Morogoro. Shule hufunguliwa Januari, lakini vitambaa hununuliwa Oktoba na Novemba, na mafundi hulipwa kabla wazazi hawajaja dukani. Anaanza Oktoba na salio la shilingi milioni 6. Mwezi huo zinaingia milioni 8 na kutoka 18, hivyo anabaki na hasi milioni 4. Novemba zinaingia 7, zinatoka 25, na akaunti inashuka hadi hasi 22. Wiki ya kwanza ya Desemba analipa mafundi milioni 4 huku mauzo yakiwa bado, anafika hasi 26. Hicho ndicho kina cha pengo lake. Angetazama salio la mwisho wa mwezi peke yake, angeona 22 na kuomba kikomo kisichomtosha.

Benki nayo ina hesabu zake. Tuseme mwaka mzima ziliingia milioni 180 kwenye akaunti. Ofisa wa mikopo ataondoa milioni 24 ambazo mteja alizihamisha kutoka akaunti yake nyingine, maana hayo si mauzo. Zinabaki 156, yaani wastani wa milioni 13 kwa mwezi. Ikiwa sera ya benki hiyo ni mzunguko wa miezi miwili, kikomo ni milioni 26. Kisha itaangaliwa dhamana, kwa bei ambayo nyumba ingepata ikiuzwa kwa haraka na si bei ya soko. Tuseme dhamana inabeba milioni 33. Benki itachukua kiasi kidogo zaidi, 26.

Kikomo hicho ni sawasawa na pengo, na hapo ndipo penye hatari. Mteja mmoja akichelewa kulipa, hundi itarudi au adhabu ya kuvuka kikomo itaanza. Badala ya kumbembeleza ofisa, mshonaji anamwomba muuza vitambaa apokee milioni 5 za Novemba katika Januari. Pengo linashuka hadi 21, na amepata nafasi ya kupumua.

Riba huhesabiwa kila siku kwa kiasi kilichotumika. Milioni 20 kwa siku 30, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, ni kama shilingi 295,900. Juu yake huja ada ya kuandaa ruhusa, ambayo mara nyingi hutozwa tena wakati wa kuihuisha.

Kuhuisha hufanyika kwa kawaida kila baada ya miezi 12. Benki huomba hesabu za karibuni, leseni hai, uthibitisho wa kodi na bima ya mali. Hata hivyo, sharti linalowaangusha wengi ni la akaunti kusafishwa: mara nyingi hutakiwa ikae bila deni kwa muda fulani mfululizo, mathalani siku 30. Mshonaji wetu analitimiza Februari na Machi, iwapo fedha za Januari zimebaki kwenye biashara. Akizinunulia kiwanja, Aprili itamkuta bado na hasi milioni 10, na benki itaona kwamba deni la msimu limegeuka la kudumu. Inaweza kukata kikomo, au kuzitenga hizo milioni 10 ziwe mkopo wa kulipwa kwa awamu.

Dalili ya deni kugeuka la kudumu huonekana mapema kwenye taarifa ya benki. Kila mwezi andika salio la juu kabisa ambalo akaunti ilifikia. Kama miezi yako ya mauzo makubwa imepita na namba hiyo haijawahi kuvuka sifuri, huna tena ovadrafti ya msimu.

Kabla ya kusaini barua ya ofa, soma tarehe ya kuisha. Ikiangukia Novemba, omba isogezwe hadi Machi, ili ofisa aifungue akaunti yako ikiwa na salio.