Ombi la likizo: njia ya kulipeleka na watu wa kunakiliwa

Ombi la likizo ni maandishi ambayo mfanyakazi humpelekea mwajiri ili aruhusiwe kutokuwepo kazini bila kupoteza mshahara. Nchini Uganda msingi wake ni Sheria ya Ajira ya 2006, inayompa mfanyakazi siku 7 za likizo yenye malipo kwa kila miezi minne mfululizo ya kazi, yaani 21 kwa mwaka, zichukuliwe wakati ambao pande mbili zimekubaliana. Neno lenye uzito hapo ni kukubaliana. Siku ni haki, lakini tarehe ni makubaliano, na makubaliano yanahitaji ushahidi. Kwa hiyo kati ya barua pepe, barua ya karatasi na mfumo wa ndani wa ofisi, njia inayofaa ni ile inayomfikia mwenye mamlaka ya kuidhinisha na kuingia katika daftari ambamo siku hukatwa. Wengine wote ni wa kupewa nakala tu.

Tuchukue mfanyakazi wa shirika aliyeajiriwa tarehe 1 Desemba 2025, ambaye kazi yake iko Base Camp katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, huku ofisi inayoshika mafaili ikiwa Nyamitanga, mjini Mbarara, mwendo wa kilomita 60 hivi. Anataka kupumzika kuanzia Jumatatu tarehe 1 Juni 2026 hadi Ijumaa tarehe 12. Kwenye karatasi ataandika siku 10. Lakini tarehe 3 ni Siku ya Mashahidi na tarehe 9 ni Siku ya Mashujaa, zote sikukuu za taifa, kwa hiyo zinazokatwa ni 8. Kufikia mwisho wa Machi ametimiza miezi minne, hivyo amejipatia 7. Siku moja inayozidi ataipata kwa hisani ya mwajiri, kama mkopo, na mkopo huo lazima utajwe waziwazi. Mfumo uliopangwa vizuri huonyesha hesabu hii kabla ombi halijatumwa, na hapo ndipo unapoishinda karatasi. Ila mfumo uliotengenezwa kwa kalenda ya nchi nyingine utakata 10 bila aibu, kwa hiyo mwombaji apige hesabu yake mwenyewe kwanza.

Watakaopinga watasema kwamba Nakivale umeme hukatika na mtandao hupotea, basi karatasi ndiyo salama. Hoja hii ina ukweli nusu. Karatasi ni salama ikiwa tu mwombaji amebaki na nakala yake iliyogongwa muhuri wa mapokezi wenye tarehe. Barua iliyokabidhiwa kwa dereva wa gari la ofisi haina tofauti na ombi la mdomo. Mtandao ukikatika, barua pepe fupi ikitumwa simu itakaposhika, ikifuatwa na ombi kwenye mfumo, inatosha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011 hairuhusu maandishi kukataliwa kwa sababu tu ni ya kielektroniki. Udhaifu wa barua pepe ni mwingine: folda ya zilizotumwa huthibitisha kutuma, haithibitishi idhini. Meneja aliyekaa kimya hajakubali, na anayeondoka kwa kutegemea ukimya huo anaweza kuhesabiwa mtoro. Aombe jibu la maandishi lenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza likizo.

Kwa mtumishi wa serikali, mwalimu wa shule ya msingi kwa mfano, desturi ya barua bado ina nguvu. Humwandikia Ofisa Mtendaji Mkuu wa wilaya, na chini ya anwani huandika «Kupitia kwa» mwalimu mkuu. Kupitia si kunakili. Anayepitiwa lazima atoe maoni na kusaini kabla barua haijasonga, ilhali anayenakiliwa anapata habari tu. Makosa mengi huzaliwa hapa: mwalimu mkuu akiwekwa kwenye nakala, barua hufika wilayani bila maoni yake na kurudishwa.

Kuhusu nakala, wapo wanaodai kwamba kunakili wengi humlinda mfanyakazi, kwa kuwa hakuna atakayeweza kusema hakujua. Lakini ombi la kawaida linahitaji watatu tu: msimamizi anayeidhinisha, ambaye ndiye mwandikiwa, kisha kwa nakala ofisa rasilimali watu na mfanyakazi mwenza atakayeshika kazi ya mwombaji. Mkurugenzi akinakiliwa tangu mwanzo, msimamizi huona ameshtakiwa kabla hajajibu. Anakiliwe baadaye, ombi likikaa bila jibu. Likizo ya ugonjwa ina mpaka mkali zaidi, maana Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 huweka taarifa za afya katika kundi linalolindwa mahususi. Cheti cha daktari kiende kwa rasilimali watu peke yake. Mwenzake anayeshika zamu ataambiwa tarehe, hataambiwa maradhi.