Vipimo Vitatu Kabla ya Kisu

Juni 1974 mwandishi wa habari Rose Kushner, mkazi wa jimbo la Maryland nchini Marekani, aligundua uvimbe kwenye titi lake. Enzi hizo njia ilikuwa moja. Mwanamke alitia saini karatasi ya kukubali upasuaji, akalazwa mezani, akapewa nusukaputi. Daktari aliukata uvimbe, kipande kikagandishwa kwa baridi kali na kutazamwa kwa hadubini kwa dakika chache, mgonjwa akiwa bado usingizini. Ikionekana saratani, titi liliondolewa palepale, mara nyingi pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani, kwa njia ambayo William Halsted wa Baltimore aliieneza tangu miaka ya 1890. Mgonjwa alipozinduka, alijipapasa kifuani ili ajue jibu.

Kushner alikataa. Alitaka uvimbe upimwe kwanza, azinduke, aambiwe, ndipo aamue. Madaktari wengi wa upasuaji walimkatalia, mmoja baada ya mwingine. Hawakuwa watu wakatili: walifundishwa kwamba kuikata saratani na kuiacha hata siku chache kungeifanya isambae, na waliamini hivyo kwa dhati. Hatimaye alimpata aliyekubali, na jibu likawa saratani. Alisafiri hadi Buffalo kwa daktari aliyemchagua mwenyewe, akaondolewa titi huku misuli ya kifua ikiachwa. Septemba ya mwaka huohuo, Betty Ford, mke wa Rais, alipopatikana na uvimbe, Kushner alipiga simu Ikulu akiwasihi watenganishe kipimo na upasuaji. Hakusikilizwa. Tarehe 28 Bi Ford alifanyiwa yote kwa mkupuo. Lakini Juni 1979 jopo lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, naye Kushner akiwa mjumbe, lilipendekeza kwamba mwanamke apimwe kwanza, kisha matibabu yajadiliwe naye siku nyingine.

Pendekezo hilo lilileta swali jipya. Ikiwa jibu litangulie, litapatikanaje bila kumpasua kila mwenye uvimbe, ilhali wengi wao hawana saratani? Vipande vya jibu vilikuwepo tayari, ila vimetawanyika katika nchi na idara mbalimbali.

Kipande cha zamani kuliko vyote ni mkono wa daktari. Mwanamke hukaa kitako, akainua mikono, kisha akazishika nyonga na kuzibonyeza, kwa sababu ngozi inayovutwa ndani na uvimbe huonekana misuli ikikazwa. Halafu hulala chali, mkono mmoja chini ya kichwa, titi likapapaswa lote, likifuatiwa na kwapa na juu ya mtulinga. Daktari huangalia kama uvimbe unateleza chini ya vidole au umeshika, kama kingo zake zinashikika, kama chuchu imebadilika. Mkono huo una ujuzi mwingi, lakini hudanganyika. Uvimbe wa kawaida wa wasichana unaoitwa fibroadenoma huwa laini na huteleza, na zipo saratani zinazoteleza vivyo hivyo.

Kipande cha pili kilitoka New York. Mwaka 1930 daktari wa upasuaji Hayes Martin na msaidizi wake wa maabara Edward Ellis, wa Hospitali ya Memorial, walichapisha namna ya kuchoma uvimbe kwa sindano na kuvuta chembe zake ili zisomwe. Wenzao wengi Marekani waliishuku njia hiyo. Ilistawi Stockholm, ambako Sixten Franzén na Josef Zajicek walitumia sindano nyembamba kuliko ile ya Martin, na mwaka 1968 wakachapisha tathmini ya vipimo 3,479 vya matiti vilivyofuatana.

Kazi yenyewe inategemea vidole kuliko vifaa. Uvimbe hushikwa imara kwa mkono mmoja, sindano huingizwa, bomba likavutwa, kisha ncha ikapelekwa mbele na nyuma ndani ya uvimbe mara kadhaa. Kabla ya kuichomoa, mvuto huachiwa. Asiyeuachia hufyonza chembe hadi ndani ya bomba, na zinazobaki kwa ajili ya kioo ni chache. Tone hutandazwa kwenye kioo, hukaushwa au hutumbukizwa kwenye spiriti, hutiwa rangi, na penye mtaalamu wa kusoma seli jibu linaweza kutoka siku ileile.

Udhaifu wake ni kwamba seli zilizotawanyika kwenye kioo hazionyeshi zilivyokuwa zimepangika mwilini. Haziwezi kusema kama saratani bado imefungwa ndani ya mrija wa maziwa au imetoboa na kutoka. Ndiyo maana katika miaka ya 1990 hospitali nyingi zilihamia sindano nene yenye springi, ambayo kila ikifyatuliwa hukata kijinyama chembamba. Mgonjwa hupigwa ganzi, hutolewa vijinyama kadhaa, navyo hutosha hata kupima kama saratani inalishwa na homoni.

Kipande cha tatu ni sauti. Mapema katika miaka ya 1950, huko Minnesota, daktari wa upasuaji John Wild, Mwingereza, na mhandisi John Reid walielekeza mawimbi ya sauti yasiyosikika kwenye matiti ya wagonjwa na kusoma mwangwi wake. Kwa miongo kadhaa baadaye mashine ya altrasaundi ilipewa kazi moja tu kwenye titi: kutofautisha kifuko cha maji na uvimbe wa nyama. Uvimbe wa nyama ulihesabiwa kuwa wa kushukiwa tu.

Mwaka 1995 Thomas Stavros na wenzake walichapisha matokeo ya vinundu 750 vya nyama, ambavyo kabla ya sindano walikuwa wameandika wanavyovidhania. Vilivyothibitika kuwa saratani vilikuwa 125, na altrasaundi ilivitilia shaka 123 kati yake. Walichotazama ni umbo. Uvimbe mwema hulala sambamba na ngozi, upana wake ukizidi kimo, na kingo zake ni laini. Saratani hukua bila kujali tabaka za titi, hivyo husimama wima, kingo zikawa na pembe au miiba, na nyuma yake mara nyingi huanguka kivuli kwa sababu nyuzi zake hunyonya sauti.

Hapo ndipo namba zinapoingia. Katika miaka ya 1980 ripoti za picha za matiti Marekani ziliandikwa na kila mtu kwa lugha yake. Mmoja aliandika kwamba shaka ya saratani haiwezi kuondolewa, mwingine akashauri ufuatiliaji bila kusema wa lini, na daktari aliyeipokea hakujua afanye nini. Mwaka 1993 Chuo cha Radiolojia cha Marekani kilitoa mfumo uitwao BI-RADS, na mwaka 2003 altrasaundi ikaingizwa humo. Kila ripoti imalizie kwa kundi moja, na kila kundi liwe na hatua yake inayofuata.

Kundi 0 maana yake picha hazijatosha, zinahitajika nyingine. Kundi 1 ni titi lisiloonyesha kitu, na la 2 ni kitu kinachojulikana kwa hakika kuwa si saratani, kama kifuko safi cha maji. Kundi 6 ni saratani ambayo sindano imeshaithibitisha. Makundi ya katikati ndiyo yanayowanyima watu usingizi, nayo hupimwa kwa uwezekano. Katika kundi 3 uwezekano wa saratani hauzidi asilimia 2, na kwa kawaida hushauriwa picha nyingine baada ya miezi 6. Mwaka 1991 Edward Sickles wa California alionyesha kwamba kusubiri huko kuna msingi: katika kesi 3,184 za mamografia zilizofuatiliwa, saratani zilikuwa 17. Kundi 5 ni asilimia 95 na zaidi. Kundi 4 limebeba yote yaliyo baina yao, na kwa kuwa hapo pana nafasi kubwa mno, liligawanywa: 4A huishia asilimia 10, 4B huishia 50, na 4C hukaribia 95.

Nimewaona wanawake wakilia kwa kusoma namba 4 kwenye karatasi, wakidhani ni hatua ya nne ya saratani. Hatua hueleza saratani iliyothibitika imefika wapi mwilini. Kundi linaeleza tu jinsi kivuli kilivyotiliwa shaka kabla nyama haijasomwa. Kati ya wanawake 100 walioandikiwa 4A, 90 au zaidi wataambiwa hawana saratani. Aliyeipokea karatasi hiyo anahitaji sindano, wala hajapewa jibu.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 44 mwenye eneo gumu la sentimita 3 upande wa nje wa titi la kushoto. Mkono haupati kingo, ila unahisi titi hilo ni zito mahali hapo kuliko la kulia. Daktari anaandika shaka. Mamografia inaonyesha titi zito lisilo na kitu dhahiri, lakini altrasaundi inaonyesha eneo jeusi lenye kingo zilizovurugika na kivuli nyuma yake: 4C. Sindano nyembamba inachomwa. Jibu linarudi: mafuta na seli chache za kawaida, saratani haikuonekana.

Hapa ndipo mgonjwa hupotea. Jibu la maabara linaonekana kuwa la mwisho, naye huenda nyumbani akishukuru Mungu. Lakini kati ya vipimo vitatu, viwili, mkono na picha, vimetilia shaka na kimoja, sindano, hakikuona kitu, tena kile ambacho hakikuona kilileta mafuta, na mafuta hayawezi kuwa sababu ya eneo gumu lenye kivuli. Ama sindano ilipita kando, ama uvimbe ni wa aina inayotoa seli kwa uchache, kama saratani ya vijishubaka vya maziwa, ambayo seli zake hupenya kwa mstari mmojammoja katikati ya nyuzi. Kanuni ya vipimo vitatu ni kwamba kile chenye shaka kubwa ndicho kinachofuatwa, na jibu jema hukubaliwa tu likiweza kueleza kilichoguswa na kilichoonekana. Kwa mama huyu sindano inarudiwa, safari hii ile nene, ncha yake ikifuatwa kwenye skrini mpaka ionekane ndani ya eneo jeusi. Vijinyama vinatoa jibu la saratani hiyohiyo ya vijishubaka.

Kanuni hiyo hukaza pia upande wa pili. Picha ya kundi 1 haimalizi kesi ya uvimbe ambao mkono unautilia shaka, bado huchomwa. Na mpangilio una maana: picha hupigwa kabla ya sindano, kwa sababu damu inayovuja baada ya kuchoma huchora kivuli kinachofanana na ugonjwa.

Katika hospitali zetu nyingi za wilaya mashine ya altrasaundi ipo, iliyonunuliwa kwa ajili ya wajawazito. Kichwa chake kilichopinda, cha megahezi 3 hadi 5, kimetengenezwa kuona mbali tumboni. Titi huhitaji kichwa kilichonyooka cha megahezi 10 au zaidi. Kwa kichwa kisichofaa, kingo za uvimbe wa milimita 12 hufifia hadi miiba ionekane laini, na ripoti ya kundi 3 inaweza kuandikwa mahali palipostahili la 4. Mgonjwa ana haki ya kuuliza titi lake limetazamwa kwa kichwa kipi, kama alivyo na haki ya kuuliza ripoti imempa kundi gani.