Mali ya jamaa: karatasi ya viongozi, vilima vya Masisi na mawe ya Walikale

Wiki iliyopita baba mdogo aliniuliza swali moja na mimi nikakosa jibu ya haraka. Redio ilikuwa inaongea kwamba waministri wapya wanapaswa kutangaza mali yao. Akaniambia: "Wewe njo ulisoma droit. Hawa watu wanaandika nini kwenye ile karatasi? Wanaandika na ngombe? Wanaandika na shamba ya shemeji?"

Nikamwambia, baba, unipe siku mbili. Hii njo jibu yangu, na nimeona afazali niiandike hapa juu wengi wetu tulimaliza masomo bila kufungua artikli ya 99.

Tuanze na nyuma kidogo. Kule kwetu Masisi, watu wengi wanajua kilima kufuatana na jina ya mwenye alikipata miaka ya 1970. Babu yangu alikuwa kapita kwenye plantasyo ya mzungu. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zairianisation: biashara na plantasyo za wageni zipewe Wazairwa. Miezi michache tu mbele, tarehe 20 Julai 1973, sheria ya ardhi ilikuwa imeshasema kwamba udongo wote ni mali ya Leta, na mtu binafsi anapata tu haki ya kuutumia kwa kontra. Ukiunganisha hizi mbili, unaona mlango: mwenye kuwa karibu na Leta njo anapata kontra. Rais mwenyewe alipata plantasyo nyingi zilizokusanywa ndani ya kampuni moja, CELZA. Kwetu, plantasyo za kahawa na za pareto zikaenda kwa watu wenye kujulikana Kinshasa na Goma, zingine zikageuzwa malisho ya ngombe, na wenye kulima pembeni wakaambiwa watoke.

Ile sheria ya 1973 ilikuwa na shimo moja kubwa. Artikli ya 389 ilisema ardhi yenye watu wanashika kwa desturi itapangwa na ordonansi ya rais. Ile ordonansi haikutoka. Basi mlimaji akabaki na neno ya mwami, na mkubwa akabaki na sertifika ya konservatere. Tarehe 20 Machi 1993 watu walipouawa kwenye soko ya Ntoto, Walikale, na moto ukapanda mpaka Masisi, hasira ilikuwa na mambo mengi ndani yake, lakini ardhi ilikuwa mojawapo.

Mwaka mmoja mbele, 1992, Konferansi ya Taifa ilikuwa imeunda komisyo ya kuchunguza mali zilizopatikana vibaya. Ripoti yake haikujadiliwa mbele ya wajumbe wote. Kabila mzee alipoingia 1997, AFDL ikaunda ofisi ya kukamata zile mali. Lakini njia hizo zote mbili zilikuwa na kasoro moja: zilikuwa zinatafuta mali kisha mtu kuondoka. Hakuna mwenye alijua yule mtu aliingia na nini. Bila karatasi ya mwanzo, kila mtu anaweza kusema "hii niliirithi kwa baba."

Konstitisyo ya tarehe 18 Februari 2006 ilijaribu kuziba hilo. Artikli ya 99 inadai Rais wa Jamhuri na memba wa guvernema wapeleke kwa Mahakama ya Konstitisyo tangazo ya mali kwa maandishi, mara mbili: mbele ya kuanza kazi na wakati wanamaliza. (Ile mahakama ilianza kazi 2015 tu, mbele yake Mahakama Kuu ya zamani njo ilishika nafasi yake.) Asipoleta ya kwanza ndani ya siku 30, anahesabiwa kama amejiuzulu. Asipoleta ya mwisho, ao akidanganya, ao kukiwa mashaka kwamba alitajirika bila sababu, jambo linapelekwa mahakamani. Mahakama inatuma nakala kwa ofisi ya kodi. Angalia vizuri: artikli haisemi kwamba wananchi wanapashwa kuisoma.

Sasa ndani ya karatasi kunaandikwa nini? Artikli yenyewe inatoa orodha. Sehemu ya kwanza ni mali yenye kusogea: hisa, sehemu ndani ya kampuni, konti za banki na vingine. Ngombe hawatajwi kwa jina, lakini orodha inasema "pamoja na", maana yake haijafungwa, na ngombe mia moja ni mali kuliko konti nyingi. Sehemu ya pili ni mali isiyosogea, na hapa unaona walioandika walijua inchi: udongo bila nyumba, misitu, plantasyo, mashamba, mines. Kisha wanaongeza maneno madogo yenye uzito: pamoja na kuonyesha vyeti vyake.

Na mwisho, maneno yenye baba mdogo alikuwa anatafuta. Karatasi ni ya "mali ya jamaa". Lakini jamaa ya artikli ya 99 si jamaa ya Masisi. Ni watu hawa tu: mwenye cheo, bibi ao bwana wake, kufuatana na mpango wa mali wa ndoa yao, watoto wenye hawajafikia miaka 18, na watoto wakubwa wenye bado wanalishwa na wazazi. Kaka hayuko ndani. Shemeji hayuko ndani. Mama mkwe hayuko ndani.

Tuchukue mfano nimeutunga mwenyewe, tumuite tu Ekselansi. Ametoka Masisi, ameoa, ameitwa kwenye guvernema.

Ana nyumba Goma yenye sertifika kwa jina lake. Inaingia, na namba ya sertifika.

Bibi yake ana malisho hektari 60 upande wa Kitchanga, kontra iko kwa jina ya bibi, walinunua kisha ndoa. Hapa unauliza: walioana kwa mpango gani? Kodi ya jamaa ya 1987 inatambua mipango tatu, na wasipochagua, wanawekwa kwenye ule wa kuchangia vitu vyenye walipata kisha kuoana. Basi malisho ni ya wote wawili na inaingia, hata jina ya Ekselansi haionekani popote. Lakini kama walichagua kila mtu na vyake, Ekselansi anaweza kusema hektari 60 si zake, na maneno "kufuatana na mpango wa ndoa" yanamsaidia. Njo maana ukisoma karatasi kama hii, unaanza na cheti cha ndoa mbele ya kuhesabu vilima.

Kijana wao ana miaka 24, anasoma Kampala, wazazi wanalipa yote. Ana kiwanja Sake kwa jina lake. Kinaingia, juu bado analishwa. Dada yake ana miaka 30, ni daktari, anajilisha mwenyewe: nyumba yake haiingii.

Kuna kilima cha baba ya Ekselansi, alichomwachia kwa desturi. Hakuna kontra, hakuna sertifika, mashahidi ni wazee na shefu. Karatasi inadai vyeti, yeye hana. Wengi wanaacha kuandika, na hapo njo shida inaanza. Kisha miaka mitano, kilima kinaweza kupata sertifika, na wenye walikuwa wanalima pale kwa ruhusa ya mzee wanaambiwa walikuwa wageni. Mtu wa kweli anaandika: kilima fulani, lokalite fulani, ninashika kwa desturi, bila cheti, na familia fulani wanalima ndani. Mistari miwili hiyo inaweza kuwakinga watu kuliko vikao kumi.

Tupande Walikale. Kasiterite ya Bisie ilipogunduliwa karibu 2002, mizigo ilibebwa kwa mgongo ndani ya pori, kisha ndege zikaitoa kwa kutua juu ya barabara ya lami kule Kilambo. Askari waliokuwa pale walikula kwenye kila hatua, mpaka Septemba 2010 Rais Kabila alifunga uchimbaji kwa miezi michache. Na sheria ilikuwapo! Kodi ya mines ya 2002, artikli ya 27, ilikataza wafanyakazi wa Leta, mazuzi, askari na polisi kuomba haki ya mine, karti ya mchimbaji ao ya negosia. Lakini iliwaachia nafasi ya kuwa na sehemu ndani ya kampuni ya mines. Basi kwa ile kodi ya 2002, Ekselansi kuwa na sehemu ndani ya kampuni yenye kuchimba Walikale haikuwa kosa. Kosa ni kuificha, juu artikli ya 99 inataja sehemu na hisa wazi.

Inabaki ndugu yake mdogo. Hakuwa na kitu, alikuwa anafundisha shule ya msingi. Mwaka Ekselansi aliingia guvernema, mdogo akanunua hektari 150 pembeni ya malisho ya shemeji yake, na karti ya negosia Walikale. Hakuna hata moja inaingia kwenye karatasi. Ekselansi hajadanganya neno moja, na karatasi imepita kando ya mali yote.

Nikamwambia baba mdogo hivyo, akacheka. "Basi ile karatasi ni ya bure."

Hapana baba, si ya bure, ila haitoshi peke yake. Mali ya kwa jina ya mtu mwingine inajulikana kwa alama zake: tarehe ya kununua inafuatana na tarehe ya cheo, mshahara wa mnunuzi haufiki hata robo ya bei, na kapita wa shamba, akitaka kuuzisha ngombe, anapigia nani simu? Karatasi ya kwanza na ya mwisho zikilinganishwa, na ofisi ya kodi ikiuliza mdogo alitoa wapi feza, ule mlango wa "kutajirika bila sababu" unaweza kufunguka. Lakini mtu mwenye kulinganisha lazima aone karatasi zote mbili, na leo sisi wananchi konstitisyo haitupatii hiyo haki kwa maneno wazi.

Jambo lingine: artikli ya 99 inataja rais na waministri tu. Administratere wa teritware, ofisa wa kadastre, kolonele wa mahali, hao wanaangukia kwenye Kodi ya mwenendo ya wafanyakazi wa Leta, dekre ya tarehe 3 Oktoba 2002, ambayo nayo inadai watangaze mali yao. Na kwa mlimaji wa Katoyi, ofisa wa kadastre ana nguvu juu ya shamba lake kuliko ministri wa Kinshasa.

Baba mdogo alinyamaza, kisha akauliza la mwisho: "Na wewe, siku wakikupa cheo, kilima chetu utakiandika?"

Kilima chetu hakina cheti. Familia nne wanalima pale tangu babu alikuwa kapita, na sisi hatukuwapa hata barua. Nilimjibu kwamba nitakiandika, na majina yao ndani. Akaniangalia, akasema: "Basi usingojee cheo. Leta kalamu." Jumamosi tunaenda kwa shefu pamoja.