Paka, suuza, rudia

Paka, suuza, rudia ni mzaha mashuhuri wa waandishi wa programu za kompyuta, uliotokana na maelezo yaliyoandikwa kwa miaka mingi mgongoni mwa chupa za shampuu huko Marekani, ambayo humwamrisha mwenye kuoga apake dawa kichwani, aisuuze, kisha arudie, pasipo kumwambia arudie mara ngapi. Kwa mtu wa kawaida maneno hayo matatu hayana tatizo lolote. Ama kwa mwandishi wa programu ni mfano ulio wazi wa hitilafu iitwayo kitanzi kisicho mwisho, yaani mfuatano wa amri unaojirudia wala usipate pa kutokea.

## Matini

Mzaha wenyewe aghalabu husimuliwa hivi: mwandishi mmoja wa programu aliingia bafuni kuoga asitoke, siku zilipozidi wenziwe wakauvunja mlango, wakamkuta amekufa chini ya bomba, chupa ya shampuu i mkononi, nao walipoisoma wakaona imeandikwa, “Paka. Suuza. Rudia.” Papo hapo wakafahamu sababu ya mauti yake bila ya kumwita tabibu.

Iko riwaya ya pili, fupi zaidi, ambayo huuliza kwa nini mwandishi wa programu humaliza chupa nzima kwa kuoga mara moja, na jawabu ni kwamba ameyafuata maelezo. Riwaya hii haisimuliwi sana kama ile ya kwanza, walakini kwa usahihi wa kifundi ndiyo bora, kama itakavyobainika hapa chini.

## Ufafanuzi

Kuufahamu mzaha huu hakuhitaji elimu ya mitambo, bali kunahitaji kukumbuka jinsi binadamu anavyosikiliza maagizo. Mama anapomwambia bintiye, “Endelea kusonga ugali,” hana haja ya kumwambia ni lini aache, kwa kuwa binti amekwisha kuona ugali ukiiva mara nyingi na anajua kuwa usongaji una hatima yake. Na hata asipojua, mkono utachoka, au moshi utamjulisha. Maagizo ya wanadamu yamejaa mapengo ya namna hiyo, na msikilizaji huyajaza kwa akili yake pasi na kutambua kuwa ameyajaza.

Kompyuta haijazi pengo lolote. Hutekeleza amri ya kwanza, kisha ya pili, na ya tatu inapoiambia irudi mwanzo hurudi mwanzo, ambako huikuta amri ya kwanza ikiingoja upya. Haikumbuki kuwa kichwa kimekwisha kutakata, wala haichoki, wala haishuku kuwa aliyeiamuru amesahau kitu. Maelezo ya chupa, yakiandikwa kwa lugha ya programu, huwa hivi:

```
while (true)
{
    paka();
    suuza();
}
```

Mstari wa kwanza maana yake ni “maadamu kweli ni kweli, fanya yafuatayo”, na kwa kuwa kweli haiachi kuwa kweli, kazi haikomi. Kinachokosekana ni sharti la kukomea, nalo katika Kiswahili lina neno lake lililokwisha kuzoeleka: *mpaka*. Paka, suuza, rudia *mpaka* nywele zitakate. Kwa neno hilo moja mtu yule angalitoka bafuni salama.

Haifai, hata hivyo, kudhani kwamba kila kitanzi kisicho mwisho ni kosa. Mashine ya kutolea fedha benki, lifti ya jumba refu na simu ya mkononi zote huendeshwa na vitanzi vilivyokusudiwa visikome: sikiliza kama kuna aliyebonyeza, mhudumie, rudi kusikiliza. Kosa hupatikana pale tu ambapo mwandishi alitaka kazi ifike mwisho, nayo isifike.

## Kisa cha tarehe 31 Desemba 2008

Mzaha wa shampuu una upungufu mmoja, kwamba humfanya msikilizaji adhani kuwa hitilafu hii huwapata wazembe waliosahau kabisa kuweka sharti. Kwa kweli aghalabu sharti lipo, limeandikwa kwa hadhari, ila hesabu ndani ya kitanzi haifiki kwenye sharti hilo. Mfano ulio bora kuliko yote ni wa kicheza muziki cha mfukoni cha Zune, kilichotolewa na kampuni ya Microsoft mnamo Novemba 2006. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2008 vyombo vya aina hiyo vyenye nafasi ya gigabaiti 30 viligoma kwa pamoja: vilipowashwa vilionyesha picha ya kuanzia, vikaganda hapo, visikubali kubonyezwa kitufe chochote.

Saa iliyomo ndani ya chombo hicho ilihesabu siku, kuanzia tarehe 1 Januari 1980, na sehemu fupi ya programu ilikuwa na kazi ya kuigeuza hesabu hiyo kuwa mwaka. Njia yake ilikuwa kama ya karani aliyepewa kapu la kokoto, kila kokoto ikiwa siku moja. Karani huanza na mwaka 1980, akatoa kokoto za mwaka mzima, yaani 365 kwa mwaka wa kawaida au 366 kwa mwaka mrefu, akaongeza mwaka mmoja daftarini, akarudia, mpaka zilizosalia kapuni zisizidi 365. Zikifika hapo, mwaka ulioandikwa daftarini ndio mwaka wa leo. Programu yenyewe ilikuwa hivi:

```
while (days > 365)
{
    if (IsLeapYear(year))
    {
        if (days > 366)
        {
            days -= 366;
            year += 1;
        }
    }
    else
    {
        days -= 365;
        year += 1;
    }
}
```

Msomaji asiyejua lugha hii na aitazame kwa jicho la karani. Mstari wa kwanza humwamuru aendelee maadamu kokoto zimezidi 365. Ndani yake, mwaka ukiwa mrefu, ameagizwa atoe 366 endapo tu zilizopo zimezidi 366. Mwaka ukiwa wa kawaida, atoe 365.

Tarehe 31 Desemba 2008 kapu lilikuwa na kokoto 10,593. Karani alitoa za mwaka 1980, za 1981, na kuendelea hivyo hadi 2007, jumla kokoto 10,227, akabakiwa na 366 barabara, na daftari likisoma 2008, ambao ni mwaka mrefu. Akauliza: je, zimezidi 365? Naam, zimezidi kwa moja. Basi haruhusiwi kuondoka. Akauliza tena: je, zimezidi 366? La, ziko sawasawa. Basi haruhusiwi kutoa hata moja. Akarudi mwanzo akauliza swali la kwanza, akapata jawabu lile lile, akauliza la pili, akapata jawabu lile lile. Sharti la kutokea lilikuwapo, nalo lilikuwa sahihi kwa siku zote nyingine za mwaka huo. Lakini kwa siku hiyo moja kokoto zilikuwa nyingi mno kwa kuondoka na chache mno kwa kupunguzwa, na karani akabaki baina ya milango miwili iliyofungwa.

Kasoro hiyo haikuonekana mapema kwa sababu hujitokeza siku ya mwisho ya mwaka mrefu peke yake, yaani siku moja katika 1,461, na mwaka 2008 ulikuwa mwaka mrefu wa kwanza tangu chombo kitoke madukani. Mjaribu aliyekijaribu kwa siku elfu mfululizo angaliweza kukihukumu kuwa kizima, na asingekuwa amesema uongo.

Ushauri uliotolewa na kampuni ni wa kustaajabisha kwa urahisi wake: mwenye chombo akiache mpaka betri iishe kabisa, kisha akichaji na kukiwasha baada ya saa sita mchana, kwa saa za Griniwichi, tarehe 1 Januari 2009. Siku hiyo kapu lilikuwa limeongezeka kokoto moja. Karani alibakiwa na 367, ambazo zimezidi 366, akatoa 366, ikabaki moja, akaandika 2009 na kuondoka kwa amani. Hapa ndipo riwaya ya pili ya mzaha inapodhihirisha usahihi wake, kwani kitanzi kisichoweza kujikomesha hukomeshwa na kuisha kwa kitu cha nje: mwenye kuoga kwa kuisha shampuu, Zune kwa kuisha betri.

## Dalili na tiba

Chombo kilichonaswa katika kitanzi huganda, lakini hakijalala. Hufanya kazi kwa nguvu zake zote, ndiyo maana aghalabu hupata joto, feni yake huvuma, na betri hupungua haraka. Chombo kinachongoja tu, mathalani kinachongoja jibu kutoka kwenye mtandao, hubaki cha baridi. Mwenye programu humnasa mkosaji kwa kuisimamisha kazi ghafla mara kadhaa na kutazama imefika mstari gani. Akiikuta kila mara ndani ya mistari ile ile, na hesabu zilizomo hazibadiliki, amekwisha kupata alitafutalo. Hilo la hesabu ndilo kipimo cha hakika: kila mzunguko lazima usogeze kitu kuelekea kwenye sharti la kukomea, na mzunguko usiosogeza chochote hautakoma.

Hakuna programu iwezayo kuzikagua programu nyingine zote na kutoa hukumu, kwa kila moja, kama itakoma au haitakoma. Mwingereza Alan Turing alilithibitisha jambo hilo mwaka 1936, kabla ya kompyuta za leo kuwapo. Kwa hiyo, katika mitambo mingi, huwekwa saa ya ulinzi ambayo programu hutakiwa kuigusa kila baada ya muda mfupi; isipoguswa, hukata shauri kuwa programu imenaswa, ikauzima mtambo na kuuwasha upya.

## Istilahi ya “mdudu”

Hitilafu ya programu huitwa mdudu. Tarehe 9 Septemba 1947 mafundi wa kompyuta ya Mark II ya Chuo Kikuu cha Harvard walimkuta nondo ndani ya mtambo, wakambandika daftarini. Lakini lakabu hiyo haikutokana na nondo huyo, bali ni kongwe kumliko, kwani Thomas Edison aliitumia mwaka 1878.

## Mizaha inayoshabihiana nao

Katika faharasa za baadhi ya vitabu huandikwa “Kitanzi kisicho mwisho: tazama Mwisho, kitanzi kisicho”, na chini yake “Mwisho, kitanzi kisicho: tazama Kitanzi kisicho mwisho”. Huko Cupertino, California, makao makuu ya zamani ya kampuni ya Apple yamezungukwa na barabara iitwayo Infinite Loop, yaani Kitanzi Kisicho Mwisho.

## Matumizi ya sasa

Mzaha huu hutumika kuwafunza wanaoanza uandishi wa programu. Mwanafunzi azungumzaye Kiswahili ana wepesi wake hapa, kwa kuwa neno limwambialo afike wapi, *mpaka*, ndilo neno liitalo ukingo wa shamba na wa nchi. Naye akikagua kitanzi chake hana budi kuuliza maswali mawili: mpaka uko wapi, na je, kila hatua inaukaribia? Chupa ya shampuu haina la kujibu kwa swali la kwanza. Zune ililijibu, ikashindwa la pili.