Kusanidi

Neno hili limejaa kwenye menyu za simu, ingawa mafundi wengi husema kuseti, nami siwalaumu. Kwa kamera ya ulinzi isiyo na kioo, maana yake ni finyu: kuipa jina la waifai na nywila, vitu viwili inavyovikumbuka. Ruta ya dukani iliyoitwa Duka1 ikipewa jina jipya, Duka Letu, kamera huendelea kuitafuta Duka1 tu.

Kwa kuwa haina pa kuandikia, huingizwa katika hali ya usanidi. Kitufe kidogo, mara nyingi karibu na tundu la kadi, hubonyezwa kwa sekunde kadhaa mpaka mlio usikike au taa ibadili mwendo wa kumweka. Hapo kamera nyingi hurusha waifai yao wenyewe; simu hujiunga nayo, kisha programu huikabidhi kamera jina jipya na nywila. Simu ikilalamika kwamba hakuna intaneti, ipuuze, na isirudi kwenye data. Kamera nyingine husoma msimbo wa QR unaooneshwa na simu mbele ya lenzi.

Ikigoma, chunguza masafa: kamera nyingi hunasa gigahezi 2.4 tu, si 5.

Kusanidi si kufuta. Video zilizo kwenye kadi kwa kawaida hubaki. Tena unaweza kukwepa kazi yote: irudishie ruta jina Duka1 na nywila ileile, herufi kubwa na ndogo zikiwa zilezile, na kamera itajiunga yenyewe.